Birika Lisiloacha Tope

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu, akina mama na akina baba wafugaji, vijana wachungaji, shikamooni na habari za asubuhi.

Tumeitwa tuzungumze juu ya mahali pa kunyweshea mifugo. Tungeweza kuanza na saruji au na pampu, lakini tutaanza na kitu ambacho kila mmoja wetu amekikanyaga: tope lililozunguka birika. Ukitaka kujua kama birika, au mbauti kama wengine wanavyoita, limejengwa vizuri, usitazame ndani yake kwanza. Tazama chini, hatua tano kutoka ukingoni. Kama pamekauka, birika hilo linafaa. Kama pana dimbwi, nyasi mbichi na nyayo zilizojaa maji, basi kuna kosa mahali fulani, na mara nyingi kosa hilo ni lile lile: birika ni fupi, au bomba linaloleta maji ni jembamba.

Kwa nini tunalishikilia tope? Kwa sababu hapo ndipo minyoo bapa ya ini inapoishi nusu ya maisha yake. Ng'ombe mwenye minyoo hiyo anatoa mayai kwenye kinyesi. Kinyesi kikianguka pakavu, yai halianguliwi, linakufa. Kikianguka majini, yai linaanguliwa na kijidudu kinachotoka kinamtafuta konokono wa majini. Ndani ya konokono kinakaa wiki kadhaa na kuongezeka, kisha vijidudu vingi vinatoka na kujibandika kwenye majani yaliyo ukingoni mwa maji, na vingine vinaelea juu ya maji yenyewe. Ng'ombe anayekuja kulamba dimbwi, au kuchuma zile nyasi za kijani zilizoota pembeni wakati nyanda nzima imekauka, anavimeza. Miezi mitatu hadi minne baadaye na yeye anaanza kutoa mayai. Mzunguko mzima unaweza kukamilika kwenye eneo dogo kuliko uwanja huu tuliokaa.

Kwa hiyo mtu anaweza kuchimba kisima kirefu, akapata maji safi kabisa, akajenga birika la zege, na bado ng'ombe wake wakakonda, manyoya yakasimama, uvimbe ukatokea chini ya taya na kope za ndani zikapauka. Akishangaa kwa nini wanaugua ilhali maji ni ya kisima, jibu ni kwamba wanyonge hawakuyanywa ya kisima. Walikunywa yaliyomwagika.

Hili la wanyonge tulieleze vizuri. Kundi halinywi kwa foleni. Ng'ombe wenye pembe ndefu, madume na wale majike wababe wanatangulia na kusimama pale hadi wakinai, na wakikinai hawana haraka ya kuondoka. Mitamba, ndama na ng'ombe wenye mimba kubwa wanasubiri nyuma. Birika likiwa fupi au likikauka kabla ya zamu yao, watainama walipo. Kwa hiyo ukiona ng'ombe ananyonya maji ya kwenye nyayo huku birika liko mita mbili mbele yake, usimchape. Hesabu nafasi.

Tuhesabu basi kwa mfano mmoja, tuufuate hadi mwisho. Tuchukue kikundi cha wafugaji kwenye tambarare za Usangu, upande wa Mbarali, wenye ng'ombe 240 wa asili na mbuzi 150 wanaotumia kisima kimoja kirefu chenye pampu ya umeme wa jua. Wakati wa kiangazi, ng'ombe wa asili anayenyweshwa mara moja kwa siku anahitaji kama lita 35. Mbuzi tumpe lita 5. Ng'ombe watatumia lita 8,400 na mbuzi lita 750, jumla lita 9,150 kwa siku. Pampu inayotoa lita 2,000 kwa saa, jua likiwa zuri kwa saa 6, inatoa lita 12,000. Maji yanatosha, na bado yanabaki ya ziada kwa siku ya mawingu.

Hapa ndipo wengi wanapofunga daftari. Maji yanatosha, basi wanajenga birika la mita 3, wanafunga boya la nusu inchi kama lile la tanki la choo, kazi imekwisha.

Sasa tazameni kitakachotokea. Ng'ombe mwenye pembe anahitaji sentimita 60 za ukingo ili anywe bila kumchoma mwenzake. Birika la mita 3 linalonywewa pande zote mbili linabeba ng'ombe 10 kwa wakati mmoja. Kundi la 240 ni zamu 24. Kila zamu, kuingia, kunywa na kutoka, ni dakika 10 hadi 15. Hizo ni saa 4 hadi 6 za kusukumana juani. Na hiyo ni kama birika linajaa mara moja kila wanapomaliza, jambo ambalo halitatokea. Boya la nusu inchi likijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 2, linatoa lita 10 kwa dakika. Lita 8,400 gawanya kwa 10 ni dakika 840, yaani saa 14. Tanki limejaa, kisima kimejaa, na ng'ombe wanalamba birika kavu.

Ndugu zangu, tatizo hapo si uhaba wa maji. Ni koki ya bei ya soda.

Tulipange upya. Tugawe kundi katika mafungu 6 ya ng'ombe 40. Ng'ombe 40 wakinywa pamoja, 20 kila upande, wanahitaji birika la mita 12. Badala ya birika moja la mita 12, jengeni mawili ya mita 6 yaliyo kwenye mstari mmoja, yakiachana mita 4 ili ng'ombe wapate pa kugeukia. Faida ya kuwa na mawili si uzuri wa macho. Moja likifungwa kuoshwa, au likipasuka, jingine linaendelea. Kikundi chenye birika moja hakiwezi kuliosha, kwa sababu kila siku kuna ng'ombe wanaosubiri. Halafu tunasema watu ni wavivu.

Kina chake kiwe kidogo. Wengi wanapenda birika lenye kina wakidhani ni akiba. Akiba ni kazi ya tanki. Ng'ombe hachovyi pua zaidi ya sentimita chache, na maji ya chini kwenye birika lenye kina hayaguswi, yanabaki na tope, mate na mabaki ya nyasi yakioza. Kina cha maji cha sentimita 30 kinatosha. Upana wa ndani uwe sentimita 80 juu, ukipungua hadi 60 chini, ili kuta za ndani ziwe na mteremko na ufagio ufike kila pembe. Kila birika hapo litabeba kama lita 1,260, na mawili lita 2,520. Fungu la ng'ombe 40 litakunywa lita 1,400, kwa hiyo hata mwenye zamu ya mwisho anakuta maji.

Ukingo wa juu uwe sentimita 60 kutoka sakafu anayosimama ng'ombe. Ukishuka hadi 40, ng'ombe ataingiza miguu ya mbele, na ndama atasimama humo kabisa na kunya humo. Ukizidi 75, mitamba midogo haifiki maji yakipungua. Mbuzi na ndama wapewe birika lao, mita 4, ukingo sentimita 35, mbali kidogo na lile la ng'ombe. Mbuzi akipandishwa kwenye birika la ng'ombe anaweka kwato zake juu ya ukingo, na kila kilicho kwenye kwato kinaingia majini.

Sasa kasi ya maji. Lita 1,400 zinatakiwa kurudishwa ndani ya dakika 15, yaani kama lita 94 kwa dakika, au lita 47 kwa kila birika. Pampu yenyewe inatoa lita 33 tu kwa dakika, haiwezi. Ndiyo maana lazima kuwe na tanki la lita 10,000 kwenye mnara, kitako chake kiwe mita 2 hadi 3 juu ya birika, na bomba la inchi 2 lishuke hadi karibu, kisha ligawanyike kwa inchi moja na nusu kila upande, na boya la ukubwa huo huo. Fundi akileta bomba la inchi 2 kisha akapunguza mwishoni kwa boya la nusu inchi kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani, amejenga mto unaoishia kwenye tundu la sindano. Kipimo hakihitaji chombo: fungueni boya kwa mkono, tegeni ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Ndoo ijae ndani ya sekunde 25. Ikichukua dakika moja, msipokee kazi.

Boya lenyewe lilindwe. Ng'ombe wanalichezea kwa ulimi na pembe hadi mkono wake unapinda, na boya lililopinda halifungi. Maji yanamwagika usiku kucha, asubuhi mna bwawa na tanki tupu. Tengeni chumba kidogo cha zege mwishoni mwa birika, sentimita 50, chenye mfuniko mzito na tundu chini linalopitisha maji kwenda kwenye birika. Boya likae humo. Nje yake wekeni geti valvu ya kufungia. Tumeona sehemu nyingi ambako boya linakufa ndani ya miezi michache kwa kukosa huo mfuniko tu.

Tuje mahali pa kuliweka. Kwenye tambarare za Usangu kuna jambo la udongo linalowaadhibu watu kila mwaka. Mbuga, ule udongo mweusi, unavimba masika na kupasuka kiangazi. Birika lililojengwa juu yake bila maandalizi litapasuka katikati, na shimo la kunyonya maji machafu lililochimbwa humo halinyonyi kitu. Tafuteni mwinuko wenye udongo mwekundu au wa kichanga, hata kama ni mita 200 kutoka kisimani. Bomba la mita 200 ni nafuu kuliko birika linalojengwa mara mbili. Msipopata mwinuko, chimbeni mbuga sentimita 50 na kujaza moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka, ndipo mjenge.

Kwa walio na lambo au mto badala ya kisima, msingi ni mmoja: ng'ombe wasiingie kwenye chanzo. Zungushieni uzio, maji yatoke kwa bomba au pampu, birika likae nje na chini ya mteremko ili mvua isirudishe kinyesi kwenye chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, na hapa sheria na afya ya mifugo vinakubaliana, kwa hiyo pimeni mita 60 kwa kamba kabla fundi hajachimba msingi. Na kabla ya kuchukua maji, kibali cha kutumia maji kwa sisi tulio kwenye maji ya Ruaha kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi yake kuu iko Iringa.

Kuna mambo matatu madogo ya mahali ambayo watu hukosea kwa nia njema. La kwanza ni kivuli. Birika chini ya mti mkubwa linaonekana zuri, lakini ng'ombe akishakunywa analala pale pale kivulini, anakunya pale pale, na kupe wanaoanguka kutoka kwake wanatagia hapo. Majani nayo yanaoza majini. Miti ya kivuli iwe mita 50 au zaidi kutoka birika, na huko ndiko mafungu mengine yasubiri zamu. La pili ni chumvi na magadi. Ukiyaweka karibu na birika, ng'ombe hawaondoki. Yapelekeni mbali, upande wa malisho, ili wakishakunywa wawe na sababu ya kwenda. La tatu ni uzio. Birika lisigandamizwe kwenye kona ya uzio, maana kwenye kona ng'ombe mnyonge hana njia ya kukimbia, anabanwa na kuchomwa. Kuwe na njia ya kuingilia na nyingine ya kutokea, upande tofauti, ili wanaokuja wasikutane na wanaoondoka.

Wenzetu wa Mufindi na Njombe wenye ng'ombe watano au sita wa maziwa, hesabu yenu ni tofauti kidogo. Ng'ombe anayetoa lita 15 za maziwa anaweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku, na anataka kunywa mara nyingi kidogo kidogo. Akilazimika kutembea mbali, anapunguza kunywa, na maziwa yanashuka siku hiyo hiyo. Kwake birika liwe ndani ya mita 250 kutoka anapolisha, hata likiwa dogo la lita 200, mradi boya linajaza haraka. Mengine yote kuhusu tope yanawahusu ninyi zaidi, kwa sababu kwenu mvua ni nyingi na mabonde ni mabichi mwaka mzima.

Turudi Mbarali, kwenye ile sakafu. Ng'ombe mzima ana urefu wa zaidi ya mita 2, na anapokunywa anakunya nyuma yake. Kwa hiyo sakafu ngumu kuzunguka birika iwe na upana wa mita 3 kila upande, miguu yote minne iwe juu yake na kinyesi kianguke juu yake. Ikiwa mita 1, miguu ya nyuma itachimba shimo pembeni mwake, na shimo hilo litajaa maji. Mteremko uwe sentimita 3 kwa kila mita, ukielekea nje. Zege la unene wa sentimita 10 juu ya mawe yaliyopangwa sentimita 15 linatosha, na kabla halijakauka lipigwe mistari kwa fagio gumu ili kwato zisiteleze. Fedha ikiwa haba, mawe makubwa yaliyopangwa kwa kubanwa na kujazwa moramu yanafanya kazi, ila yatahitaji kujazwa upya kila baada ya masika. Ukingo wa mwisho wa sakafu usiwe ngazi. Uishe kwa mawe yanayoshuka taratibu, kwani ngazi ndiyo inayoanzisha shimo.

Sakafu ya ndani ya birika iteremke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea upande mmoja, na huko kuwe na tundu la inchi 3 lenye kizibo. Tundu hilo liwe juu ya usawa wa ardhi ili maji yatoke yenyewe. Birika lisilo na tundu la kutolea maji halitaoshwa, tusidanganyane. Hakuna mtu atakayechota lita elfu moja za maji machafu kwa ndoo kila wiki. Sentimita 5 chini ya ukingo wekeni pia bomba la kutolea ziada, inchi 2, ili siku boya likikwama maji yasimwagike juu ya ukingo bali yaingie kwenye mfereji.

Na mfereji huo unakwenda wapi? Hapa ndipo ujenzi mzuri huharibika dakika ya mwisho. Mfereji uwe wa zege au bomba, mita 20 au zaidi, uishie kwenye shimo lililojazwa mawe penye udongo unaonyonya, au kwenye kishamba kilichozungushiwa uzio. Wengi hupenda kupanda matete hapo ili wakate na kuwapa ng'ombe. Tunaomba msifanye hivyo. Matete yaliyoota kwenye maji ya kinyesi cha ng'ombe ndiyo sahani ya yale majani yenye vijidudu vya minyoo bapa. Mnamfungia ng'ombe asiende bondeni, halafu mnambebea bonde hadi mdomoni. Pandeni migomba au miti.

Baada ya kumwaga zege, limwagilieni kwa siku 7 na msilijaze maji kwa wiki mbili. Maji ya kwanza kabisa yanakuwa na ukali wa saruji, mwageni yote, jazeni upya ndipo mlete ng'ombe.

Sasa usafi. Kila siku mchungaji wa zamu ya mwisho atoe majani, nyasi na chochote kinachoelea. Ndege aliyezama ni jambo zito kuliko linavyoonekana, mzoga ukioza majini unaweza kuleta sumu inayopooza ng'ombe. Jiwe bapa linaloinama kutoka ukingoni hadi majini humsaidia ndege kupanda na kutoka. Kinyesi kilicho sakafuni kikwanguliwe kwa koleo jioni kikiwa kinakauka, kipelekwe mbali pakavu. Msikisafishe kwa kukimwagia maji. Ukikimwagia maji unakisaidia kufika kwa konokono.

Mara moja kwa wiki birika lioshwe, leo moja na kesho jingine. Fungeni geti valvu kabla ya fungu la mwisho ili ng'ombe wenyewe walipunguze, mtabaki na maji machache ya kumwaga. Toeni kizibo. Sugueni kuta na sakafu kwa brashi ngumu hadi ule utelezi wa kijani utoke, halafu suuzeni. Baada ya hapo ndipo dawa: ile ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 60 kwenye lita 10 za maji, mpake kila mahali na kuacha dakika 20, kisha suuzeni na kujaza. Mpangilio huu una sababu. Klorini ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu, haifiki kwa vimelea. Anayemwaga dawa kwenye birika chafu ametupa fedha, na anayemwaga zaidi ili kufidia anawafanya ng'ombe wakatae maji.

Wengine hutumia mrututu kuua ukijani na konokono. Mrututu una shaba, na kondoo hawavumilii shaba, kidogo tu kinawadhuru ini na kuwaua, na mbuzi naye ikizidi inamdhuru. Uacheni. Na bomba la kupulizia dawa ya kupe lisioshwe kwenye birika wala sakafuni mwake, hata kama ni mahali pekee penye maji.

Kuna ukijani wa aina mbili, tuutofautishe. Ule wa nyuzi nyuzi unaoshika ukutani unaharibu ladha na unaficha konokono, lakini hauui ng'ombe. Unaotisha ni ule unaotanda juu ya malambo yaliyotulia siku za joto kama rangi iliyomwagika, kijani cha kuelekea samawati, usioshikika mkononi kama nyuzi. Huo unaweza kuwa na sumu, na ng'ombe hufa karibu na maji yenyewe. Ukiuona, fungeni lambo hilo na mwite afisa mifugo kabla ya kuchuna mzoga wowote. Mzoga wa ghafla karibu na maji yanayokauka unaweza pia kuwa kimeta, na kimeta hakipasuliwi.

Kuhusu konokono, tembeeni kandokando ya mfereji na sakafu mara moja kwa mwezi. Mkimpata, mshikeni kwa kijiti au glavu, ncha ya gamba ikitazama juu na mdomo ukikutazama wewe. Mdomo ukiwa upande wa kulia, gamba jembamba lenye mdomo mpana, huyo ndiye anayebeba minyoo bapa ya ini. Mdomo ukiwa kushoto, huyo anabeba minyoo mingine, ya tumbo la kwanza la ng'ombe na ile ya damu inayofanana na kichocho. Wote wawili wanakueleza jambo moja, kwamba hapo maji hayajakauka kwa wiki nyingi. Msitafute dawa ya konokono. Tafuteni yanakotoka maji.

Na kumbukeni birika jipya haliponyi ng'ombe walioambukizwa. Minyoo bapa hukaa ndani ya ini kwa miaka. Kabla ya kuhamia kwenye birika jipya, pangeni na afisa mifugo kundi lote linyweshwe dawa, kwa uzito wa kila mnyama. Dawa nyingi za minyoo zilizozoeleka madukani haziui minyoo bapa michanga, na nyingine hazifai kwa ng'ombe mwenye mimba changa, kwa hiyo msinunue kwa kuangalia chupa tu. Baadaye, ng'ombe akichinjwa, muulizeni mkaguzi wa nyama hali ya ini. Mishipa iliyo migumu kama bomba jeupe, inayokwaruza kisu, inatokana na maambukizi ya zamani. Ini la ng'ombe mchanga aliyezaliwa baada ya birika kujengwa ndilo litakalowaambia kama mmefaulu.

Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, kanuni ya mafungu inasaidia. Mate ya mgonjwa mmoja birikani yanatosha kwa kundi zima. Boma lenye mgonjwa lisilete ng'ombe, linyweshe nyumbani kwa ndoo, na kama haiwezekani linywe la mwisho, birika moja tu, na liwe limeoshwa kwa dawa kabla ya kesho asubuhi. Hili linahitaji mtu mwenye ufunguo wa geti valvu na mamlaka ya kusema hapana hata kwa mzee mwenye ng'ombe wengi. Mchagueni leo.

Mwisho ni siku ya kupokea kazi kutoka kwa fundi. Mkishapima ndoo kwa sekunde 25, nywesheni mafungu yote 6 na kupima muda, usizidi saa moja na nusu kwa kiasi kikubwa. Tazameni fungu la mwisho, kama ndama na mitamba wamekunywa hadi wakainua vichwa wenyewe. Kisha jazeni mabirika jioni, wekeni alama ya makaa kwenye usawa wa maji, mfunge geti valvu na mlale. Asubuhi maji yakiwa yameshuka zaidi ya upana wa kidole, kuna ufa. Rudini tena baada ya siku 3 za kunywesha, simameni nje kidogo ya sakafu na mkanyage kwa kisigino. Kisigino kikiacha shimo linalojaa maji, msimlipe fundi sehemu iliyobaki hadi apate yanakotoka.

Karibuni kwa maswali.